Ahsante baada ya kuulizia kazi: uitume WhatsApp, barua pepe au LinkedIn?

Mpwa wangu alitoka kwenye ofisi ya wakala wa meli, Moi Avenue, Mombasa, saa kumi na nusu jioni. Alikuwa amekaa dakika 25 na mama mmoja msimamizi wa nyaraka. Hakwenda kuomba kazi. Alikwenda kuuliza kazi ya nyaraka ikoje, mtu huanzia wapi na makosa ya wanaoanza ni yepi. Alipofika kivukoni Likoni alinipigia: "Mjomba, namba yake ninayo, kadi yake ina barua pepe, na LinkedIn nimemwona. Nimshukuru wapi?"

Nilimwambia apande feri kwanza, tutazungumza akifika ng'ambo, kwa sababu jibu halikuwa la neno moja. Nimefanya kazi ya nyaraka za mizigo kwa miaka mingi, na nimekuwa mara nyingi upande wa pili wa meza, yaani yule anayeulizwa na vijana kisha baadaye anaulizwa na bosi wake, "Hakuna mtu unayemjua?" Najua ujumbe wa ahsante unaishia wapi kwenye simu yangu, na najua ni upi niliweza kuutumia na upi ulinipotea.

Hebu tuangalie kwanza kinachotokea siku ya kutajwa. Mkuu wa idara anapita mezani anasema kuna nafasi ya karani wa nyaraka itatangazwa wiki ijayo. Yule uliyezungumza naye anakumbuka sura yako, anakumbuka uliuliza maswali ya maana, lakini jina limemtoka. Anachukua simu na kutafuta. Ana dakika mbili kabla simu ya mteja haijaita. Akikupata, anaupeleka ujumbe wako kama ulivyo na kuongeza mstari mmoja wa kwake. Asipokupata, anamtaja aliyemjia haraka. Kwenye kampuni kubwa zenye mfumo wa wafanyakazi kupendekeza watu, anajaza fomu: jina kamili, simu, barua pepe, wasifu, namba ya tangazo, na mahali pa kueleza anakujua vipi na kwa nini anaona unafaa. Hapo mahali pa mwisho ndipo watu hukwama. Ujumbe wako wa shukrani, ukiwa umeandikwa vizuri, ndio unaompa la kuandika.

Kwa hiyo vigezo vyangu vinne vinatoka hapo. Cha kwanza, je, atausoma, tena mapema? Cha pili, je, ataupata akiutafuta baada ya wiki saba? Cha tatu, akiupeleka kwa mwingine, utafika na jina lako na maana yake? Cha nne, unamwachia nafasi au unambana? Hiki cha nne watu hukipuuza, ilhali ndicho kinachomfanya mtu mzima anyamaze kabisa.

Kwanza ujumbe wenyewe

Njia yoyote utakayochagua, maneno yakiwa matupu hakuna kitakachosaidia. Mpwa wangu alinisomea alichokuwa ameandika akiwa kwenye matatu:

"Shikamoo mama. Ahsante sana kwa muda wako. Nimejifunza mengi. Tafadhali usinisahau nafasi ikitokea. Mungu akubariki."

Heshima imo, na dua imo. Lakini "nimejifunza mengi" inaweza kuandikwa na mtu ambaye hakusikiliza hata neno, na "usinisahau nafasi ikitokea" imeugeuza ujumbe wote. Mama yule alitoa wakati wake bila kudaiwa, sasa jioni ileile anakuta amekabidhiwa deni. Wengi wakikuta mstari huo hawajibu, si kwa ubaya, bali hawataki kuahidi wasichokuwa nacho.

Nikamuuliza, "Katika yote aliyokwambia, lipi lilikufungua macho?" Akasema ni lile la hati mbili za shehena. Mzigo uliopita kwa mkusanyaji, yaani anayeunganisha mizigo ya watu mbalimbali kwenye kontena moja, huwa na hati ya masta, inayotolewa na kampuni ya meli, na hati ya hausi, inayotolewa na mkusanyaji mwenyewe. Kwenye masta, jina la mpokeaji huwa la wakala wa mkusanyaji huku bandarini. Mwenye mzigo halisi yuko kwenye hausi. Yeye alikuwa akiona majina mawili tofauti kwenye mazoezi yake ya chuo ya manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, na kudhani ni kosa la uchapaji. Basi nikamwambia aandike hilo. Ikawa hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni (jina kamili), tulionana leo saa kumi ofisini kwako kuhusu kazi ya nyaraka. Ahsante kwa kunitolea wakati. Uliponionyesha kwa nini jina la mpokeaji kwenye hausi si lile la kwenye masta, nimetambua mazoezi yangu ya manifesti nilikuwa nayakosea wapi. Nitayarudia yote mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, kisha nitakuarifu nilipofika. Usijisumbue kunijibu. Jioni njema."

Sentensi chache, na kila moja ina kazi. Jina na mahali mlipoonana ni kwa ajili ya siku atakayokuwa amekusahau. Jambo mahususi ndilo atakalolitafuta na ndilo atakalolitumia kueleza anakujua vipi. Hatua yenye siku inakupa sababu halali ya kumwandikia tena bila kuonekana unamkumbushia. Na "usijisumbue kunijibu" inamwondolea mzigo. Kuhusu kazi hakuna ombi, na hapakuwa na haja, kwani mtu anayekutana na kijana anayeulizia kazi ya nyaraka anajua kijana huyo anatafuta kazi ya nyaraka.

Sasa tuziweke njia tatu kwenye mizani ileile.

WhatsApp

Kusomwa: hapa WhatsApp haina mpinzani mjini kwetu. Ukituma saa moja na nusu usiku, atausoma usiku huohuo. Chagua saa kwa adabu tu. Ijumaa saa saba mchana watu wako msikitini, na mwezi wa Ramadhani, karibu na futari, mwache mtu afuturu kwanza. Ukikosea jina lake au neno, una dakika 15 za kuuhariri ujumbe baada ya kuutuma, kwa hiyo usome tena palepale.

Kupatikana baadaye: akiandika neno "hausi" kwenye sehemu ya kutafutia, ujumbe wako utatokea, ikiwa bado upo. Na hapa ndipo pana shimo ambalo vijana wengi hawalijui. Watu wengi wenye kazi nyingi wameweka mpangilio wa ujumbe unaojifuta wenyewe, na muda wake ni saa 24, siku 7 au siku 90. Mpangilio huo ukiwashwa, WhatsApp huonyesha taarifa ndani ya mazungumzo yenu. Ukiuona umewekwa siku 7, jua kwamba shukrani yako itakuwa imetoweka wiki ijayo, pamoja na jina lako. Namba itabaki, lakini namba isiyo na jina haitafutiki.

Kupelekwa kwa mwingine: ujumbe wa WhatsApp ukisambazwa unafika na alama ya kuonyesha kwamba umesambazwa, lakini hauonyeshi uliandikwa na nani. Bosi anaona maneno mazuri kuhusu hausi na masta, mwandishi hamjui. Ndiyo maana jina kamili liwe ndani ya maandishi yenyewe, wala usitegemee picha yako ya wasifu. Akiamua kupiga picha ya skrini, juu litaonekana jina alilokuhifadhi nalo, na hilo linaweza kuwa "Msichana wa Likoni".

Kumwachia nafasi: alama mbili za buluu ni mtihani kwa pande zote mbili. Ameona, hajajibu, na wewe unajua ameona. Usimwandikie tena kesho yake kuuliza kama ameupata. Akirudisha kidole gumba, hilo ni jibu kamili, usiendelee na mazungumzo. Na kwa kuwa sasa namba yake iko kwako, usimtumie dua za Ijumaa, video, wala matangazo ya biashara ya binamu yako. Nimewahi kumfungia kijana mmoja mwenye akili nzuri kwa sababu hiyo, na nilipoulizwa kuhusu nafasi sikumkumbuka hata kidogo.

Inamfaa: aliyekupa namba yake mwenyewe kwa mkono wake, na hasa anayefanya kazi kwa miguu, kama msimamizi wa wapakuzi gatini, fundi mkuu wa gereji Shimanzi, mpishi mkuu wa hoteli ya Nyali. Hawa barua pepe wanaweza kuzifungua mara moja kwa wiki, au kufunguliwa na mwingine. Kama namba uliipata kwa mtu wa tatu, WhatsApp itamshtua. Tumia njia nyingine.

Barua pepe

Kusomwa: inategemea sana mtu anakaa wapi. Karani wa nyaraka anaishi ndani ya barua pepe. Taarifa za kuwasili meli, manifesti, maombi ya marekebisho na maswali ya wateja kuhusu demareji, yote hupita humo. Kwa hiyo atauona ujumbe wako, lakini katikati ya msitu. Kichwa cha barua ndicho kinachokuokoa. "Ahsante" peke yake inazama. Andika "Ahsante kwa mazungumzo ya jana kuhusu kazi ya nyaraka – (jina lako kamili)". Itume asubuhi ya siku ya pili, kati ya saa mbili na saa nne, badala ya usiku, maana inayofika usiku inalala chini ya rundo la asubuhi.

Kupatikana baadaye: hapa barua pepe ina nguvu kuliko zote, kwa muda wote mtu huyo akiwa kwenye kazi ileile. Kwa kawaida haijifuti yenyewe, na akitafuta "hausi" au jina lako au hata "jana kuhusu kazi", itatokea. Udhaifu wake ni kwamba anwani ya ofisi ni ya ofisi. Akihama kampuni, mawasiliano yenu yanabaki nyuma yake.

Kupelekwa kwa mwingine: barua pepe ikipelekwa mbele inakwenda na jina lako, anwani yako, tarehe na maneno yote. Anayeipokea rasilimali watu anaweza kuanza kazi papo hapo. Lakini jua kwamba inakwenda pamoja na mlolongo mzima ulio chini yake. Kama yule mama alikudokezea mshahara wa idara, au alilalamika kidogo kuhusu mkuu wake, na wewe kwa furaha ukaandika "ahsante kwa kuniambia ukweli kuhusu bosi wenu", umemfunga mikono. Hawezi kuipeleka popote, na huenda akaogopa hata kukujibu. Alichokwambia kwa siri kibaki kwenye kikao. Andika kila barua ukimwona bosi wake anaisoma, maana ndiyo hasa unayotarajia itokee.

Lugha nayo iangaliwe. Kikao chenu kinaweza kuwa kilikwenda kwa Kiswahili cha nyumbani, lakini ofisi nyingi za mjini zinaandikiana kwa Kiingereza. WhatsApp fuata lugha mliyozungumza. Barua pepe ambayo huenda ikafika rasilimali watu, iandike kwa lugha ambayo ofisi hiyo huandikia, ukianza kwa salamu ya heshima kama mlivyoanza ana kwa ana.

Je, uambatishe wasifu? Kama alisema "nitumie wasifu wako niuone", ambatisha, uwe PDF, na jina la faili liwe jina lako wala si "wasifu mpya wa mwisho 3". Kama hakusema, usiambatishe. Wasifu usioombwa ndani ya barua ya shukrani unasema lile lile la "usinisahau", kwa sauti kubwa zaidi.

Kumwachia nafasi: ni njia pole. Haonekani amesoma au hajasoma, anajibu atakapopenda au hajibu kabisa, na hakuna anayeumia.

Inamfaa: mtu wa mezani, aliyekupa kadi au aliyekubali kikao kwa barua pepe, na yeyote ambaye kampuni yake ina mfumo rasmi wa kupendekeza watu. Haimfai asiyekaa mezani. Na kabla ya kutuma, angalia anwani yako. Kama ni ile uliyofungua kidato cha pili kwa jina la utani, fungua mpya yenye jina lako, ni kazi ya dakika tano.

LinkedIn

Kusomwa: wengi ninaowajua hapa mjini huifungua wanapotafuta kazi wao wenyewe, kisha huisahau. Ujumbe unaweza kukaa wiki tatu haujafunguliwa. Lakini kwa mtu wa makao makuu Nairobi, au Mswahili mwenzetu aliye kwenye kampuni ya mizigo Dubai, ni kama simu ya mkononi. Kumbuka pia kwamba, bila kulipia, kwa kawaida unamtumia ujumbe yule tu aliyekubali kuunganishwa nawe, na kijisehemu cha maneno kwenye ombi la kuunganishwa ni kifupi mno kubeba shukrani ya maana. Hapo andika mstari mmoja tu, "Tulizungumza Jumanne kuhusu kazi ya nyaraka, ahsante", kisha shukrani kamili ifuate akikubali.

Kupatikana baadaye: akihama kampuni, mazungumzo yenu yanahama naye, na hili ndilo linaloipa LinkedIn thamani yake. Pia wasifu wako ulio pembeni unakua. Ukimaliza kozi ya uwakala wa forodha mwaka ujao, ataiona bila wewe kumwambia.

Kupelekwa kwa mwingine: hapa mara nyingi hapeleki ujumbe wako, anapeleka kiungo cha ukurasa wako. Kwa hiyo kinachofika kwa bosi ni ukurasa. Ukiwa na picha ya arusi, mstari mmoja wa "natafuta kazi yoyote", na chini hakuna kitu, ndicho kilichofika. Rekebisha ukurasa kabla ya kutuma shukrani.

Kumwachia nafasi: ujumbe wa faragha haumbani mtu. Kinachombana ni shukrani ya hadharani, ambapo mtu anaandika chapisho refu na kumtaja jina kwamba amemsaidia na amemfungulia milango. Anayetajwa anaanza kuulizwa na wakubwa zake amewaahidi watu nini, na kesho yake amepokea maombi kumi ya vikao. Alikupa wewe dakika 25, hakuutangazia mji.

Inamfaa: mliyekutana kwa simu au mtandaoni, ambaye hukupewa namba yake wala anwani yake, au aliye mbali na mji.

Sauti, simu na pesa

Ujumbe wa sauti una joto, lakini hautafutiki kwa neno na ni shida kuupeleka kwa mwingine. Uachie shangazi. Kupiga simu kushukuru ni adabu nzuri kwa mzee ambaye ni rafiki wa baba yako, na hata hapo maandishi yafuate.

Usimtumie M-Pesa "ya chai". Najua kwa wengine inatoka kwa moyo safi, kijana anaona mtu mzima amempa wakati naye hana kingine. Lakini mtu huyo kesho anaweza kukutaja kwa nafasi ya kazi, na rekodi ya malipo itakuwepo na jina lako na lake. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016, na kampuni nyingi zinamtaka mfanyakazi aeleze chochote alichopokea. Shukrani yako itakuwa imemfunga mdomo. Kama mmeonana mkahawani na umewahi kulipia kahawa na kashata, hiyo yatosha.

Mpwa wangu alivyofanya

Alituma WhatsApp usiku ule, saa mbili kasoro, maneno yale tuliyoyapanga. Mama akajibu asubuhi, "Marhaba binti, karibu." Lakini mpwa wangu, ambaye ana macho makali kuliko mimi, alikuwa ameona taarifa ya ujumbe unaojifuta baada ya siku 7. Akanionyesha. Nikamwambia basi ile taarifa aliyoahidi ya Ijumaa aipeleke kwa barua pepe, na ndani yake arudie kwa mstari mmoja walionana lini na kuhusu nini.

Ijumaa ilipofika alikuwa amerudia mazoezi kumi na mawili. Tisa alipatia, matatu alikosea, na yote matatu yalikuwa ni mzigo uliogawanywa kwa wapokeaji kadhaa chini ya masta moja. Aliandika hivyohivyo, bila kuficha, na akasema amegundua alikuwa akisahau kujumlisha uzito wa hausi zote na kuulinganisha na wa masta. Hakuomba chochote. Mama alijibu kwa sentensi mbili, moja ya kumpongeza na moja ya kumwambia aangalie pia idadi ya vifurushi, si uzito tu.

Wiki saba zikapita kimya. Kisha siku moja mama akapiga simu mwenyewe: "Binti, kuna nafasi, itawekwa kwenye tovuti Jumatatu. Usiombe kwanza, subiri nikuingize mimi." Hili la kusubiri lina sababu. Mifumo mingi ya namna hii haihesabu pendekezo la mtu ambaye tayari ameomba mwenyewe. Ukikimbilia tovuti kwa furaha, unaweza kuwa umeufunga mlango uliofunguliwa. Alimweleza pia kwamba aliipeleka ile barua ya Ijumaa kwa mkuu wake, na juu yake akaandika tu, "Huyu anakagua kazi yake mwenyewe."

Aliitwa kwenye mahojiano. Nafasi alipewa mwingine aliyekuwa na miaka miwili ya kazi. Siku aliyopata jibu, kabla hata ya kulia, alimwandikia mama kumjulisha na kumshukuru kwa kumtaja. Hili usiliruke, kwani aliyekutaja aliweka jina lake mezani na ni haki yake kujua mambo yaliishaje, tena kutoka kwako. Mama amemwambia kuna msimu wa likizo za uzazi unakuja idarani, na watahitaji wa kushikilia.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Kama mlionana ana kwa ana na alikupa namba mwenyewe, anza na WhatsApp jioni ileile. Ukiona ujumbe unajifuta, au ukijua kampuni yake ina fomu za kupendekeza watu, habari ya pili ipeleke kwa barua pepe. Usinakili maneno yaleyale kwenye njia mbili siku moja, utaonekana unagonga mlango na dirisha kwa pamoja.

Kama kikao kilipangwa kwa barua pepe, jibu kwenye mlolongo uleule badala ya kuanza barua mpya. Akiutafuta atakuta mwanzo na mwisho mahali pamoja.

Kama mlizungumza kwa simu au kwa video na yuko Nairobi au ng'ambo, LinkedIn inatosha, ilimradi ukurasa wako umekaa sawa. Akikupa anwani yake baadaye, hamia huko.

Kama ni mzee wa familia au jirani aliyekupokea kwa sababu anamjua mjomba wako, piga simu au pita umsalimie, kisha mwandikie WhatsApp yenye jina lako kamili na jambo mlilozungumza. Anaweza kukujua kama "mtoto wa fulani" tu, na kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hivyo.

Kama anafanya kazi kwenye shirika la umma, mshukuru kwa njia yoyote kati ya hizi lakini usimdokezee kutajwa hata kwa mbali. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataja ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa uteuzi katika utumishi wa umma, na nafasi hutangazwa wazi. Anachoweza kukusaidia ni kukueleza tangazo linasomwaje na nyaraka gani huwaangusha waombaji. Shukuru kwa hilo.

Na kama umeshachelewa, siku kumi zimepita na unaona aibu, bado andika. Barua pepe ndiyo nzuri hapa, kwa sababu WhatsApp iliyochelewa huonekana kama mtu aliyekumbuka baada ya kuona tangazo. Usieleze sababu ndefu za kuchelewa. Fanya kwanza lile alilokushauri, hata kidogo, kisha anzia hapo: "Shikamoo mama. Nilipaswa kukushukuru siku ileile, niwie radhi. Nimesharudia mazoezi ya hausi na masta uliyonielekeza, na hiki ndicho nilichokigundua…"